Jinsi ya kuzidisha mistari yote ya kona moja ya poligoni sare bila kupima hata mmoja

Chora duara lenye nusu kipenyo cha 1. Ndani yake weka poligoni sare, yaani umbo ambalo pande zake zote ni sawa, pembe zake zote ni sawa, na kona zake zote zimekaa juu ya duara. Chagua kona moja, kisha uiunganishe kwa mstari na kila kona nyingine. Miwili kati ya mistari hiyo itakuwa pande za poligoni, na mingine itapita ndani. Ukizidisha urefu wa mistari yote, jibu ni idadi ya kona: poligoni ya kona 7 inatoa 7, na ya kona 100 inatoa 100.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulithibitisha jambo hilo kwa vipeuo vya 1, na jinsi ya kulitumia. Msomaji wa kidato cha tano au cha sita aliyekwisha kuonana na namba changamano ana kila anachohitaji.

Hatua ya kwanza: jaribu kwa maumbo unayoweza kuyakokotoa kwa kichwa

Anza na mraba. Kutoka kona moja kuna pande mbili na mstari mmoja unaopita katikati. Nusu kipenyo ni 1, kwa hiyo mstari wa katikati, ambao ndio kipenyo, una urefu wa 2. Kila upande, kwa kanuni ya Pithagorasi, ni √2. Zao lake ni √2 × 2 × √2 = 4.

Sasa umbo la kona 6. Kutoka kona moja unapata urefu wa 1, √3, 2, √3 na 1, kwa mpangilio huo ukizunguka duara. Zao ni 1 × 3 × 2 = 6.

Usiruke hatua hii, hasa ule mraba. Umbo la kona 6 lina sifa yake ya pekee: upande wake ni sawa na nusu kipenyo. Mtu akichukua upande kuwa 1 badala ya nusu kipenyo, kwenye kona 6 hataona tofauti yoyote. Akifanya hivyo kwenye mraba atapata 1 × √2 × 1 = √2, na hapo ndipo kosa linajitokeza. Kanuni yetu inadai nusu kipenyo kiwe 1. Urefu wa upande haujalishi.

Hatua ya pili: weka umbo kwenye bapa la namba changamano

Weka kitovu cha duara kwenye 0, na ile kona uliyoichagua iweke kwenye 1. Kona zinazofuata zinapatikana kwa kuzungusha. Kwa umbo la kona n, kila mzunguko mmoja ni wa nyuzi 360/n, na kwenye namba changamano kuzungusha ni kuzidisha. Tuite namba ya kuzidishia w:

```
w = cos(2π/n) + i sin(2π/n)
```

Basi kona zote ni 1, w, w², w³, na kuendelea hadi wⁿ⁻¹. Ukizidisha kwa w mara moja zaidi unarudi kwenye 1, maana umemaliza duara zima. Kwa hiyo wⁿ = 1, na vivyo hivyo kila kona ikipandishwa kwa kipeo cha n inatoa 1. Ndiyo sababu namba hizi huitwa vipeuo vya 1.

Urefu wa mstari kutoka kona ya 1 hadi kona ya wᵏ ni ukubwa wa tofauti ya namba hizo mbili, yaani |1 − wᵏ|. Ukitaka kuuona kwa trigonometria, mraba wake ni (1 − cos a)² + sin² a, ambapo a ni 2πk/n. Fungua mabano upate 2 − 2cos a, ambayo ni 4sin²(a/2). Kwa hiyo:

```
|1 - w^k| = 2 sin(πk/n)
```

Tunachotafuta, basi, ni zao la |1 − w|, |1 − w²|, hadi |1 − wⁿ⁻¹|. Kuzidisha sini zenyewe moja baada ya nyingine hakufiki mbali, kwa sababu kwa n kama 7 au 11 hakuna sini hata moja yenye thamani nyepesi ya kuandika. Dawa ni kuacha kutazama urefu mmoja mmoja na kuishika polinomia inayoibeba yote kwa pamoja.

Hatua ya tatu: andika polinomia kwa vigawo vyake

Mlinganyo zⁿ − 1 = 0 ni wa kipeo cha n, kwa hiyo hauwezi kuwa na majibu zaidi ya n. Sisi tayari tunayo majibu n yaliyo tofauti: zile kona zote. Basi hakuna mengine, na polinomia inagawanyika hivi:

```
z^n - 1 = (z - 1)(z - w)(z - w^2) ... (z - w^(n-1))
```

Upande wa kulia hauhitaji namba nyingine ya kuzidishia mbele yake, kwa sababu zⁿ upande wa kushoto inazidishwa na 1 tu, na ukifungua mabano ya kulia zⁿ inatokea mara moja vilevile.

Sasa linganisha |1 − wᵏ| na kigawo (z − wᵏ). Ukiweka z = 1, kigawo kinakuwa (1 − wᵏ), na ukubwa wake ndio urefu wa mstari wetu. Kila mstari umo ndani ya polinomia kama kigawo kimoja.

Hatua ya nne: gawanya kwanza, ndipo uweke 1

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukiweka z = 1 moja kwa moja kwenye zⁿ − 1, unapata 0 pande zote mbili na hujajifunza kitu. Sababu yake unaiona kwenye mchoro: kigawo (z − 1) ni umbali kutoka kona yetu hadi kwenye kona yenyewe, na umbali huo ni sifuri. Lazima kitolewe kabla ya kuweka thamani.

Gawanya pande zote kwa (z − 1). Upande wa kushoto unakuwa jumla inayofahamika kutoka kwenye mifuatano ya kijiometri:

```
1 + z + z^2 + ... + z^(n-1) = (z - w)(z - w^2) ... (z - w^(n-1))
```

Pande hizi mbili ni polinomia moja iliyoandikwa kwa namna mbili, kwa hiyo zinalingana kwa kila z, pamoja na z = 1. Weka sasa z = 1. Kushoto kuna viambajengo n, na kila kimoja ni 1, hivyo jumla ni n. Kulia ni zao la vigawo vyetu vyote:

```
n = (1 - w)(1 - w^2) ... (1 - w^(n-1))
```

Chukua ukubwa wa kila upande. Ukubwa wa zao ni zao la ukubwa, kwa hiyo kulia tunapata zao la urefu wa mistari yote, na kushoto n inabaki n. Uthibitisho umekamilika. Ukipenda kuuandika kwa sini, mistari ni n − 1 na kila mmoja unatoa 2 moja, kwa hiyo zao la sin(π/n), sin(2π/n), hadi sin((n−1)π/n) ni n/2ⁿ⁻¹.

Hatua ya tano: pima kwa umbo la kona 7

Napenda kutumia kona 7 kwa majaribio, kwa sababu hili ndilo umbo sare dogo kuliko yote lisiloweza kuchorwa kwa usahihi kamili kwa rula na bikari peke yake. Urefu wa mistari yake ni namba ngumu kweli, lakini zao lake ni 7 kamili.

Mistari ni 6, na inakuja jozi jozi: ukihesabu kuanzia kona inayofuata ile uliyoichagua, kona ya 1 na ya 6 ziko umbali mmoja, ya 2 na ya 5 umbali mmoja, ya 3 na ya 4 umbali mmoja. Kwa kikokotoo:

```
2 sin(π/7)  = 0.8678
2 sin(2π/7) = 1.5637
2 sin(3π/7) = 1.9499
```

Zao la hizo tatu ni takribani 2.6458, ambayo ni √7. Kwa kuwa kila urefu unatokea mara mbili, unaupandisha kwa kipeo cha pili na kupata 7. Hapa pana kosa jingine la kawaida: mtu anazidisha urefu tatu tofauti anazoziona, anasahau kwamba kila mmoja una mwenzake upande wa pili, kisha anadhani kanuni imekosea. Kama jibu lako ni kipeuo cha pili cha jibu ulilolitarajia, umehesabu nusu ya duara. Kwa n iliyo shufwa kuwa makini zaidi, maana kipenyo, chenye urefu wa 2, hakina mwenzake na kinahesabiwa mara moja tu.

Kama kikokotoo kinatoa namba zisizofanana kabisa na hizi, angalia kama kimewekwa kwenye rediani au kwenye nyuzi. Ukitumia nyuzi, pembe zako ni 180/7, 360/7 na 540/7.

Kuna ukaguzi mwingine wa haraka unaofaa kabla hujazidisha. Jumla ya miraba ya urefu wa mistari yote kutoka kona moja huwa 2n. Inatokana na ule mraba wa urefu, 2 − 2cos a: ukijumlisha kwa kona zote nyingine unapata 2(n − 1) toa mara mbili ya jumla ya kosini, na jumla hiyo ya kosini ni −1 kwa sababu kona zote n zikijumlishwa pamoja zinatoa 0. Kwa kona 7, miraba mitatu ni 0.7530, 2.4450 na 3.8019. Jumla yake ni 7, nusu ya 14. Na zao lake pia ni 7. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila n witiri: chukua mistari ya nusu moja ya duara, ipandishe kwa kipeo cha pili, na jumla yake na zao lake zote zitakuwa n. Kwa kona 5 miraba ni 1.382 na 3.618. Ijumlishe, kisha izidishe.

Anayetaka kuona kwa mkono achore duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 kwenye karatasi ya A4, na kwa kupimia pembe aweke kona 7 kila baada ya nyuzi 51.4 hivi. Akipima kwa rula atapata karibu sentimita 8.7, 15.6 na 19.5. Kwanza agawanye kila moja kwa 10, ili nusu kipenyo kiwe 1. Zao la 0.87, 1.56 na 1.95 likipandishwa kwa kipeo cha pili ni takribani 7.004. Lakini akikosea milimita moja tu kwenye mstari mfupi, akaandika 8.6, jibu linashuka hadi karibu 6.84. Mstari mfupi ndio unaoharibu zaidi, kwa sababu milimita moja ni sehemu kubwa zaidi ya urefu wake, na kosa hilo linaingia mara mbili.

Kwa n kubwa, programu fupi ya Python inatosha:

```
import math
n = 7
zao = 1
for k in range(1, n):
    zao *= 2 * math.sin(math.pi * k / n)
print(zao)
```

Usishangae ikiandika namba yenye desimali nyingi iliyo karibu mno na 7. Huo ni ukadiriaji wa kompyuta, kanuni yenyewe haina pengo. Angalia pia kwamba k inaanzia 1. Ikianzia 0, umerudisha ule umbali wa sifuri na zao lote linakuwa 0.

Kama nusu kipenyo si 1

Duara likiwa na nusu kipenyo R, kila mstari unazidishwa kwa R. Mistari ni n − 1, kwa hiyo zao ni nRⁿ⁻¹. Kipeo ni n − 1. Ukiandika n utakuwa umehesabu mstari usiokuwapo. Jaribu na mraba wa upande 1 tuliouona mwanzoni: R yake ni 1/√2, na 4 × (1/√2)³ ni √2, lile lile jibu tulilolipata kwa kuzidisha.

Ukiihamisha nukta

Polinomia ya hatua ya tatu haikulazimishi kusimama kwenye kona. Weka z popote kwenye bapa, na zao la umbali kutoka hapo hadi kona zote n ni |zⁿ − 1|. Kwa nukta zilizo kwenye mstari unaotoka kitovuni kupitia kona, jambo hili liligunduliwa na Mwingereza Roger Cotes, aliyefariki mwaka 1716 akiwa na miaka 33. Kazi yake hiyo ilichapishwa mwaka 1722, baada ya kifo chake.

Chukua umbo la kona 6 na usimame nje ya duara, kwenye z = 2. Kona iliyo karibu ina umbali wa 1. Mbili zinazofuata zina √3 kila moja, mbili nyingine √7 kila moja, na ya mbali ina 3. Zao ni 1 × 3 × 7 × 3 = 63, na 2⁶ − 1 ni 63.

Sasa sogea taratibu kuelekea kona iliyo kwenye 1, lakini kila mara gawanya zao kwa umbali wako hadi kona hiyo. Kwenye z = 1.1 unapata takribani 7.72. Kwenye z = 1.01 unapata takribani 6.15. Unaikaribia 6, na hiki ndicho kinachofanyika kwenye hatua ya nne unapogawanya kwa (z − 1): unafika kwenye kona bila kuuingiza umbali wa sifuri kwenye zao.

Na ukisimama juu ya duara lenyewe, katikati kabisa ya kona mbili zilizo jirani? Hapo zⁿ ni −1, na zao la umbali hadi kona zote ni |−1 − 1| = 2, kwa umbo lolote, liwe na kona 3 au 3,000.

Mistari yote ya umbo zima

Ukitaka zao la mistari inayounganisha kila jozi ya kona, usianze upya. Kila kona inatoa n, kona ziko n, kwa hiyo zao la yote ni nⁿ. Lakini kila mstari umehesabiwa mara mbili, mara moja kutoka kila ncha yake, kwa hiyo jibu ni kipeuo cha pili cha nⁿ. Kwa kona 6 ni 6³, yaani 216. Hakiki: pande sita za 1, mistari sita ya √3 inayotoa 27, na vipenyo vitatu vya 2 vinavyotoa 8. 27 × 8 ni 216.

Ni mistari ipi hasa inayoleta n?

Chukua uso wa saa ya ukutani, kona 12, na usimame kwenye namba 12. Zao la mistari kwenda kwenye namba nyingine zote 11 ni 12. Sasa igawe mistari hiyo makundi kulingana na umbo sare lenye kona chache zaidi linalopita kwenye 12 na kwenye namba ambako mstari unafika. Namba 6 peke yake iko kwenye kipenyo, na inatoa 2. Namba 4 na 8 ni za pembetatu, zinatoa √3 × √3 = 3. Namba 3 na 9 ni za mraba, zinatoa √2 × √2 = 2. Namba 2 na 10 ni za umbo la kona 6, zinatoa 1 × 1. Zimebaki 1, 5, 7 na 11, ambazo hazishiriki kigawo na 12 isipokuwa 1. Mistari yake ni 2sin15° na 2sin75°, kila mmoja mara mbili, na zao la yote minne ni 1.

Kwa hiyo 12 imejengwa kama 2 × 3 × 2, vigawo vyake tasa, na kila kigawo kina kundi lake la mistari. Hali ndiyo hiyo kwa kila n: kundi la umbo dogo lenye kona d hutoa p kama d ni kipeo cha namba tasa p, kama 2, 3, 4, 5, 7, 8 au 9, na hutoa 1 kwa d nyingine yoyote kama 6, 10 au 12. Kwa kona 15, mistari miwili inaleta 3, minne inaleta 5, na ile minane iliyobaki, mifupi kwa mirefu, zao lake ni 1.